Samaki wa Kilo Saba na Shukurani kwa Aliyekuandikia Barua

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa njema zote anastahiki Yeye, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake wote.



Muhula uliopita ndugu yetu mmoja, aliyetoka Tanga kuja kusoma hapa Kampala, alipata ufadhili wa kwenda kusoma shahada ya pili. Habari zilimfikia Jumanne usiku. Jumatano alfajiri, baada tu ya kuswali, aliteremka mpaka mwalo wa Ggaba wakati mitumbwi inaingia, akachagua sangara mmoja wa kilo saba, yule ambaye wenyeji wanamwita mputa. Alimtia katika mfuko, akapanda boda mpaka chumbani kwangu Bunga. Akaniuliza: "Kaka, samaki huyu nataka kumpelekea mwalimu aliyeniandikia barua. Kuna ubaya?" Nami nilimjibu papo hapo, bila kufikiri: "Ubaya uko wapi? Mtume (s.a.w.) alihimiza watu wapeane zawadi. Mpelekee."

Saa sita mchana alirudi. Samaki bado yuko mfukoni, maji yanamchuruzika, na uso wa ndugu yetu umesinyaa kwa aibu. Mwalimu hakumfokea. Alimkaribisha kiti, akamsikiliza, kisha akamwambia: "Kijana wangu, ripoti yako ya utafiti iko mezani kwangu, bado sijaipa alama. Nikimpokea samaki huyu leo, halafu kesho nikakupa alama nzuri, mimi mwenyewe nitajiuliza nimezitoa kwa ajili ya kazi yako au kwa ajili ya samaki. Na ile barua niliyokuandikia, sitaki iwe na bei."

Mwalimu huyo si Mwislamu. Ni Mkristo, anakwenda kanisani kwake kila Jumapili. Siku hiyo alisema neno ambalo sisi tuliosoma madrasa tulipaswa kuwa wa kwanza kulisema, na mimi niliyetoa fatwa ya haraka ndiye niliyestahiki aibu zaidi. Usiku ule samaki alipikwa na tukamla tukiwa watu kumi na mmoja. Kesho yake nikaenda kwa sheikh wetu kuuliza swali ambalo ningeuliza mwanzo: mtu akikutolea ushahidi mzuri ukapata ufadhili au kazi, unamshukuru vipi? Niliyoyapata ndiyo ninayowaletea leo, kwa kuwa msimu wa maombi umefika na wengi wenu mnatafuta walimu wa kuwaandikia.

Tuanze na barua yenyewe, tujue ni kitu gani hasa tunachopewa.

Mnajua utaratibu wake. Unajaza fomu mtandaoni, unaandika jina na barua pepe ya mwalimu anayekufahamu. Mfumo unamtumia yeye moja kwa moja kiungo chenye tarehe ya mwisho. Anaandika barua katika karatasi yenye nembo ya chuo, anatia sahihi, anaipandisha. Wewe huioni. Unaona tu ujumbe kwamba barua imepokelewa. Barua dhaifu huchukua dakika kumi: fulani nilimfundisha, ana tabia njema, namwombea heri. Barua yenye nguvu humchukua mtu jioni nzima, kwa sababu wanaoisoma wanataka kujua mambo mahususi. Amekufahamu kwa muda gani na katika kazi gani? Katika wanafunzi aliowafundisha, wewe uko wapi? Ni jambo gani moja alilokuona ukilifanya, lenye kuonyesha kwamba utaiweza kazi inayokungoja? Kwa hiyo anafungua daftari lake la alama, anaisoma tena ripoti yako, anakumbuka ile siku uliyobaki maabara wenzako walipoondoka. Kisha anaweka jina lake chini.

Katika dini yetu jambo hili lina majina mawili. Jina la kwanza ni ushahidi. Imepokewa kwamba mtu mmoja alimsifu mwenzake mbele ya Sayyidna Umar (r.a.), na Umar akamhoji. Je, ni jirani yako, unaona anavyoingia na kutoka? Akasema hapana. Je, mmewahi kufanya biashara ya dinari na dirhamu, pale uchamungu wa mtu unapopimwa? Hapana. Je, mmesafiri pamoja, safari ambayo huitoa tabia ya mtu nje? Hapana. Umar akamwambia kwamba basi hamjui mtu huyo. Zingatieni hapa. Khalifa hakutaka sifa, alitaka kujua sifa zinatoka wapi. Mwalimu anayeandika kwamba alikuona kwa macho yake ukifanya hili na lile anajibu maswali ya Umar, hata kama hajawahi kuyasikia.

Jina la pili ni shufaa, yaani kumsemea mtu kwa mwenye uwezo wa kumpa. Katika Suratun Nisaa, aya ya 85, Mwenyezi Mungu anatujulisha kwamba mwenye kusema kwa ajili ya jambo jema anapata fungu katika jema hilo, na mwenye kusema kwa ajili ya jambo ovu naye anabeba sehemu yake. Na katika hadithi ya Abu Musa al-Ash'ari (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alipojiwa na mwenye haja alikuwa akiwaambia waliokuwapo wamsemee, wapate thawabu, na uamuzi ubaki kwa Mwenyezi Mungu. Tumeelewa kutoka hapo mambo mawili. Msemaji ana ujira wake kwa Mola wake tangu aliposema, hata kama haja haikutimia. Na ufadhili si yeye aliyekupa. Yeye alisema, wengine wakaamua, na aliyekadiria ni Mwenyezi Mungu.

Sasa turudi kwa samaki wetu.

Sheikh aliponisikiliza alifungua kitabu ambacho wengi wetu tumepitia kurasa zake madrasani, Bulughul Maram cha Al-Hafidh Ibn Hajar. Humo mna hadithi ya Abu Umama (r.a.), iliyopokewa na Ahmad na Abu Daud, inayotahadharisha kwamba mtu akimsemea nduguye, kisha nduguye akampa zawadi kwa sababu hiyo naye akaipokea, amefika kwenye mlango mkubwa katika milango ya riba. Nilishtuka. Riba? Samaki mmoja?

Sheikh akanitaka nisikimbilie kuhukumu kama nilivyokimbilia kuruhusu. Ibn Hajar mwenyewe ameandika kwamba sanadi ya hadithi hiyo ina maneno, yaani wanazuoni wameizungumzia kwa upungufu. Na Imam as-San'ani, aliyekisherehesha kitabu hicho katika Subulus Salam, ameigawa hali. Ikiwa kule kusema lilikuwa jambo la wajibu, kama kumwokoa mwenye kudhulumiwa, au lilikuwa kwa ajili ya haramu, basi kupokea kitu kwalo ni haramu. Ikiwa lilikuwa jambo la halali tu lisilomlazimu, huenda zawadi ikafaa kama malipo ya wema, na huenda pia isifae, kwa kuwa kumsemea mtu ni jambo jepesi lisilofaa kutozwa. Kwa hiyo msitoke hapa mkasema kwamba kila zawadi kwa mwalimu ni riba. Wala msitoke mkasema kwamba mlango uko wazi.

Mizani iliyo wazi zaidi inapatikana katika hadithi ambayo sanadi yake haina mzozo, nayo imo katika Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Humaid as-Sa'idi (r.a.). Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu aitwaye Ibnul Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporudi aligawa mafungu mawili: hili lenu, na hili nimezawadiwa mimi. Mtume alighadhibika, akasimama mimbarini, akauliza kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake akaona kama zawadi hiyo ingemfuata huko.

Basi kila mmoja wetu aichukue mizani hii. Mwalimu huyu angekuwa amestaafu, amekaa kijijini kwake, hana alama yako mkononi, hana barua nyingine ya kukuandikia, samaki huyu angemfuata? Kama jibu ni ndiyo, zawadi yako ni ya mapenzi. Kama jibu ni hapana, umebeba kitu kingine katika mfuko wa zawadi. Ndugu yetu wa Tanga niamini nikisema hakuwa na nia mbaya hata chembe. Lakini ripoti yake ilikuwa mezani haijapewa alama. Mwalimu bado alikuwa hakimu wake. Nia yake safi ilikuwa moyoni, na samaki alikuwa juu ya meza ambapo wanafunzi wengine wanamwona. Wa kesho ambaye hana pesa ya sangara angeandikiwa barua gani, au angethubutu hata kuomba? Nchi hii nayo, katika sheria yake ya kupambana na rushwa ya mwaka 2009, inaihesabu zawadi kuwa ni namna mojawapo ya kumhonga mtu mwenye dhamana, sawa na fedha taslimu.

Kutokana na hayo sheikh alinipa mpaka ulio rahisi kukumbuka. Kabla ya barua usitoe kitu, hata soda. Baada ya barua, maadamu mwalimu bado anakusahihishia, anakusimamia au utamhitaji tena kwa barua nyingine, usitoe kitu chenye thamani. Akishakuwa hana mamlaka juu yako, na hapakuwa na ahadi wala matarajio, zawadi ndogo ya kawaida ya watu haina dhara kwa kauli ya walioruhusu. Na akiikataa, usimlazimishe, kwani huenda anailinda dini yake au kazi yake. Mwenye kutaka kutoka kabisa katika hitilafu ya wanazuoni, aache zawadi na achukue yale ambayo hayana hitilafu.

Na hayo ni mengi kuliko samaki. Hapa ndipo wengi wetu tunapopungukiwa. Tunafikiri kwamba tusipokuwa na cha kumpa mtu, hatuna la kufanya. Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya Ibn Umar (r.a.) iliyomo katika Abu Daud na Nasai, alifundisha kwamba anayetufanyia wema tumlipe, na tusipopata cha kumlipa tumwombee dua mpaka tuone kwamba tumemlipa. Na akafundisha kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mwenyezi Mungu. Angalieni neno lenyewe: watu. Hakusema waumini peke yao.

Nalisisitiza neno hilo kwa sababu walimu wengi wanaotuandikia barua hapa Kampala si Waislamu, na baadhi yetu tunaona uzito kuwashukuru vizuri, kana kwamba shukurani inapunguza dini. Someni kisa cha Mut'im bin Adiy. Mtume (s.a.w.) aliporudi kutoka Taif, amepigwa mawe, hakuweza kuingia Makka bila mtu wa kumchukulia dhamana. Alituma kwa wakubwa wawili, kila mmoja akatoa udhuru. Mut'im, naye ni mshirikina, alikubali. Alivaa silaha yeye na wanawe, akatangaza kwamba Muhammad yuko chini ya himaya yake. Huyo ni mdhamini kwa maana kamili ya neno: aliweka jina lake na shingo yake kwa ajili ya mtu mwingine. Mut'im alikufa kabla ya vita vya Badr, na hakusilimu. Baada ya Badr, mateka wa Kikureshi wakiwa mikononi mwa Waislamu, Mtume alisema kwamba lau Mut'im angekuwa hai na akamsemea kwa ajili ya watu hao, angewaachia kwa heshima yake. Aliyeipokea habari hii ni mwanawe Mut'im, Jubair, nayo imo katika Bukhari. Miaka ilikuwa imepita, vita vilikuwa vimepiganwa, mwenyewe yuko kaburini, na Mtume bado anaikumbuka ile dhamana na kuitaja mbele ya watu kwa jina la aliyeitoa. Basi sisi tunashindwaje kuandika ujumbe wa mistari sita?

Ujumbe wenyewe una wakati wake. Wakati wa kwanza ni pale mfumo unapokuarifu kwamba barua imefika. Mshukuru siku hiyo hiyo, kwa maneno tu, kabla hujajua matokeo. Shukurani ya wakati huu ndiyo iliyo safi zaidi, kwa sababu inashukuru kazi yake na si faida yako. Wakati wa pili ni matokeo yanapotoka, na hapa nasema matokeo yoyote. Ukikosa, mjulishe vilevile.

Dada yetu mmoja alikosa nafasi mwaka juzi. Kwa aibu alianza kumkwepa mwalimu wake, akimwona mbele anageuza njia. Ilipita miezi minane. Walipokutana mlangoni bila ya njia ya kukwepa, mwalimu akamwambia: "Nilidhani ulikwenda. Mwezi wa tatu niliulizwa jina la msaidizi wa utafiti, nikatoa la mwenzako." Hakumnyima kwa hasira. Hakujua tu kwamba bado yupo. Kumbukeni tuliyosema: thawabu ya msemaji na kazi yake vilitimia siku aliyoandika. Kukosa kwako hakukumfutia kitu, basi kwa nini kuifute shukurani yako?

Ndugu yetu wa Tanga, baada ya kurudi na samaki, tulikaa tukaandika ujumbe. Wa kwanza aliouandika ulikuwa umejaa "sijui nikushukuruje" na "wewe ndiye uliyebadilisha maisha yangu". Tuliufuta. Kauli ya kwanza haimwambii mwalimu chochote, na ya pili inampa kiumbe kilicho cha Muumba. Uliokwenda ulikuwa hivi, nao aliuandika pia kwa Kiingereza:

"Mheshimiwa Dokta, salamu. Nakuarifu kwamba nimechaguliwa kupata ufadhili wa shahada ya pili, na masomo yanaanza mwezi wa tisa. Najua uliandika barua yangu wiki ambayo ulikuwa unasahihisha mitihani ya mwaka wa kwanza, na uliituma siku mbili kabla ya mwisho. Katika usaili waliniuliza kuhusu kazi ya kupima maji ya visima, nikafahamu kwamba uliitaja. Wewe ndiye uliyenirudisha nikapime mara ya pili nilipokuwa nimechoka, na somo hilo naondoka nalo. Samahani kwa jambo la Jumatano. Nimekuelewa na nakuheshimu zaidi kwa hilo. Namwomba Mungu akulipe heri, akupe afya wewe na familia yako. Nitakuandikia mwisho wa muhula wa kwanza kukueleza ninavyoendelea."

Utazameni. Unataja matokeo na tarehe. Unataja taabu aliyoipata mwalimu, jambo linaloonyesha kwamba mwanafunzi aliiona. Unataja kitu kimoja mahususi alichojifunza kwake. Una dua, na ahadi ndogo inayoweza kutimizwa. Hauombi kitu kingine. Hili la mwisho ni muhimu, kwa sababu tunao wanaoshukuru katika mstari wa kwanza na kuomba barua nyingine katika mstari wa pili, na msomaji huelewa kwamba mstari wa kwanza ulikuwa nauli ya wa pili.

Kuhusu dua, msiidharau kwa kuwa haigharimu. Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya Usama bin Zaid (r.a.) iliyomo katika Tirmidhi, alifundisha kwamba aliyefanyiwa wema akamwambia mtendaji "jazakallahu khairan" amefika ukomo wa kusifu. Maana ya maneno hayo ni kukiri kwamba malipo yanayomstahiki mtu huyo mimi siyawezi, basi nayahamishia kwa Anayeweza. Mwalimu asiye Mwislamu mwambie kwa lugha anayoielewa, na mwombee uongofu, afya na heri katika watoto wake. Na mwombee pia akiwa hayupo, siyo mbele yake tu.

Jambo moja la tahadhari. Msipige picha barua wala ujumbe wa mwalimu mkauweka kwenye hadhi ya WhatsApp. Barua ile aliandika kwa siri ili aweze kusema kweli. Ukiitangaza, kesho watakwenda kwake watu ishirini wasiomfahamu, nawe utakuwa umemlipa mzigo.

Limebaki deni lililo zito kuliko yote, nalo linapatikana katika Suratul Qasas. Nabii Musa (a.s.) alifika Madyan amekimbia, hana kitu. Aliwanyweshea mifugo wasichana wawili, akaenda kivulini akamwomba Mola wake. Mmoja wao aliporudi nyumbani alimshauri baba yake amwajiri, na akataja sifa mbili tu: nguvu na uaminifu. Hiyo ni barua ya mapendekezo, ndugu zangu, tena yenye nguvu, kwa sababu wafasiri wanatueleza kwamba nguvu zake aliziona kisimani na uaminifu wake aliuona njiani. Baba akamkubali kwa sharti la miaka minane, na akikamilisha kumi ni hiari yake.

Musa alimshukuru vipi aliyemsemea? Ibn Abbas (r.a.) aliulizwa ni muda gani kati ya miwili Musa aliutimiza, akajibu kwamba aliutimiza ule mrefu zaidi. Jibu hili limo katika Bukhari. Msichana alisema kwamba ni mwenye nguvu na ni mwaminifu. Musa akaishi miaka kumi akithibitisha kwamba hakusema uongo.

Barua uliyoandikiwa ni ushahidi juu ya jambo ambalo sehemu yake bado haijatokea. Mwalimu ameandika kwamba utamaliza, kwamba huibi kazi za watu, kwamba ukipewa fedha ya utafiti itatumika katika utafiti. Ukifika huko ukaacha masomo ukatafuta vibarua, au ukakamatwa umenakili, waliomwamini mwalimu hawatakuandikia wewe lawama. Wataipokea barua yake ya mwaka ujao, ya mwanafunzi mwingine kutoka chuo hiki, na wataisoma kwa shaka. Utakuwa umemgeuza mtu mkweli kuwa shahidi wa uongo, na umemzibia njia ndugu yako ambaye humjui.

Ndugu yetu alimaliza kazi yake hapa. Alama zikatoka, zikapitishwa, jina lake likatangazwa katika orodha ya wahitimu. Wiki moja kabla ya kuelekea Entebbe alikwenda tena Ggaba, safari hii akanunua ngege wawili wa kawaida, akampigia mwalimu simu kwanza kuuliza kama anaruhusu. Mwalimu akacheka, akasema: "Sasa wewe si mwanafunzi wangu. Njoo, lakini tutakula pamoja." Walikula nyumbani kwake, na katikati ya chakula kijana alimpigia mama yake Tanga akampa mwalimu simu. Mama alisema maneno machache tu: "Baba, ahsante kwa kumwona mwanangu." Ndugu yetu anasema mwalimu alinyamaza kidogo kabla ya kujibu.

Kila mmoja wetu leo aangalie katika simu yake. Yuko aliyekuandikia barua mwaka jana, au miaka miwili iliyopita, na hajui mpaka leo ilikuwaje. Mwandikie kabla ya Ijumaa ijayo.

Ewe Mola wetu, walipe heri waliotusemea tukiwa hatuna wa kutusemea. Tujaalie tuwe kama walivyotushuhudia, na bora kuliko hivyo. Tulinde na mali ya shaka tunapotoa na tunapopokea. Na utujaalie siku moja, tukiombwa na mdogo wetu barua, tukae jioni nzima tumwandikie kwa kweli. Amin.

Wabillahi tawfiq.